Sura ya 7: Siku Mali Inaporudi

Mwenye duka la zawadi karibu na Mnara wa Saa wa Arusha akikuambia amechukua mzigo kwa mali kauli, bado hujajua amechukua nini. Huenda amenunua kwa deni, mali ni yake tangu leo na atalipa mwisho wa mwezi, iuzike isiuzike. Huenda amegeuka wakala, yaani anauza mali ya mtu mwingine, anakata chake, anapeleka kilichobaki. Au huenda amechukua kwa sharti la tatu, ambalo ndilo la sura hii: atakachouza atakilipia, na ambacho hakitauzika hadi tarehe fulani atakirudisha kilikotoka.

Siku mzigo unapoingia dukani, makubaliano haya matatu hayana tofauti hata ya unywele. Ni kiroba kilekile, kuhesabiwa kwa harakaharaka kwenye kaunta, kupeana mkono, na namba ya simu kuandikwa pembeni mwa daftari. Yanaachana siku ya mwisho wa muda, pale mmoja anapotarajia fedha na mwenzake anamtolea kiroba. Ugomvi mwingi wa mali kauli niliousikia Arusha haukuwa wa wizi. Ulikuwa wa watu wawili waaminifu ambao kila mmoja alikuwa na kauli yake kichwani.

Nitaeleza jambo hili kwa hesabu ya kikundi kimoja cha akina mama wa Kiarusha, kwenye miteremko ya Meru juu ya jiji, ambao niliwasaidia kutunza daftari lao kwa msimu mmoja. Idadi na bei nimezigeuza kidogo ili wao na duka wasijulikane. Mwenendo wa mambo sikuugusa.

Akina mama hawa wanatunga shanga: bangili, mikufu mipana ya shingoni, na makobazi ya ngozi yenye shanga juu ya mikanda. Shanga, uzi na ngozi wanavinunua mjini kwa fedha taslimu. Mtaji wote, basi, umetoka mifukoni mwao kabla mtalii hajashuka KIA. Kwa nini wakubali tena kumwachia mwenye duka mali bila malipo? Kwa sababu mwenye duka hawezi kujua mwaka huu wageni watapenda mkufu wa buluu au mwekundu, na akilazimishwa kununua atachukua vipande vichache tu vya aina aliyokwisha kuiuza. Akijua kwamba kisichouzika kitarudi, anajaza kabati zima. Kikundi kinapata kabati mbele ya macho ya wageni, na kwa kabati hilo kinabeba hatari ya soko. Hiyo ndiyo biashara yenyewe, na wala si msaada wa upande wowote. Mwaka 2020, ndege za abiria kutoka nje ziliposimamishwa Aprili hadi zikaruhusiwa tena Mei, waliouza mali kwa deni walikuwa na haki ya kudai fedha, hata kama hazikuwapo za kulipwa. Waliopeleka kwa sharti la kurudisha hawakuwa na cha kudai ila viroba vyao.

Tarehe 1 Juni, msimu wa wageni ukianza kupamba moto, kikundi kilipeleka vipande 120: bangili 60 za shilingi 6,000 kila moja, mikufu 40 ya shilingi 15,000, na jozi 20 za makobazi kwa shilingi 20,000. Hizi ni bei za wenye mali. Duka lilikuwa huru kuongeza cha juu kadiri lilivyotaka. Thamani yote ilikuwa shilingi 1,360,000. Mwisho wa muda ulikuwa tarehe 31 Oktoba.

Hapo kwenye bei nisimame kidogo. Kuna maduka yanayopendelea asilimia: tukiuza tunakata theluthi, au nusu. Kwa masikio inaonekana haki zaidi kuliko cha juu, kwa kuwa wenye mali nao wanafaidi mgeni akilipa vizuri. Shida ni kwamba bei ya mwisho inatamkwa mgeni akiwa dukani na mwenye mali akiwa mlimani. Duka likimpunguzia mgeni ili anunue pia kinyago cha duka lenyewe, punguzo linakula fungu la mwenye mkufu, naye hatajua. Kwa bei ya kudumu hajali mgeni alilipa ngapi. Anauliza jambo moja tu: kipo au hakipo? Swali hilo linaweza kujibiwa kwa kuhesabu, ndiyo maana mimi huwashauri watu wa mali ndogondogo washike bei ya kudumu na wamwachie mwenye duka cha juu chake bila kinyongo.

Lakini kuhesabu kunataka vitu vinavyotambulika. Msimu wa kabla ya huo, kikundi kilipeleka bangili bila alama yoyote. Mwisho wa muda duka likarudisha idadi iliyotakiwa, ila mama mmoja akaigeuza bangili mkononi akasema, "Hii si ya kwetu. Sisi hatufungi hivi." Na kweli, fundo la kumalizia lilikuwa la mkono mwingine. Duka lilikuwa na mali za vikundi vitatu kwenye kabati moja. Zilizouzika zilikuwa za kikundi hiki, zilizorudi zilikuwa za jirani, na sidhani kuna aliyekusudia. Madalali wa mawe pale mjini wanaijua hofu hii kuliko sisi, maana jiwe linalotolewa kwa mali kauli asubuhi hupimwa na kutazamwa kwa makini kabla ya kutoka, ili jioni likirudi iwe rahisi kujua kama ni lilelile. Kwa shanga haihitajiki mizani. Kikundi kilishona kwenye kila kipande lebo ya kitambaa yenye namba, na namba hizo zikaandikwa kwenye karatasi mbili zilizosainiwa pande zote, moja ya duka, moja ya kikundi.

Karatasi ile ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilikuwa na orodha ya namba na bei, tarehe ya mwisho, na sentensi nne. Duka litalipa vilivyouzwa kila mwisho wa mwezi. Visivyouzwa vitarudi ndani ya siku saba baada ya tarehe ya mwisho, vikiwa katika hali vilivyokwenda nayo. Kisichorudi na kisicholipiwa kitahesabiwa kimenunuliwa na duka kwa bei ya wenye mali. Na mali yote inabaki ya kikundi hadi ilipwe. Mwenye duka alipoisoma alicheka. "Yeyo, siku hizi mnaniogopa?" Katibu wa kikundi akamjibu kwa adabu kwamba hawamwogopi yeye, wanaogopa kusahau. Akasaini.

Mwisho wa Agosti walishuka kuhesabu. Hesabu ya katikati ndiyo kinga kubwa kuliko zote, na ndiyo watu huiruka kwa sababu inaonekana kama kumshuku mwenzako. Ugonjwa unaouguza mali kauli ni kuchelewa. Kitu kimeuzwa Julai, fedha zimelipa kodi ya pango, na mwenye mali akipiga simu anaambiwa, "Mali yako ipo tu, biashara ngumu." Mwenye duka hakusudii kudhulumu. Amejikopesha tu bila kuomba. Atalipa Oktoba, Oktoba ikiwa nzuri.

Dalili zake zinaonekana ukijua pa kutazama. Iliyo wazi kuliko zote ni pale duka linapoomba uongezewe aina ambayo kwa maelezo yake bado haijaisha. Safari hii duka lilipiga simu katikati ya Agosti kutaka bangili nyembamba kumi zaidi, wakati taarifa yake ya Julai ilionyesha bangili tano tu zimeuzwa. Kwa nini uongeze kumi juu ya hamsini na tano? Walipofika na kuhesabu, bangili 31 hazikuwapo. Hakuna aliyepandisha sauti. Mwenye duka alilipa tofauti kwa simu palepale, na kuanzia hapo malipo ya mwezi yakaenda sawa. Risiti za mashine ya EFD zingeweza kusaidia kujua kila kilichouzwa na siku yake, lakini maduka mengi hupiga kila kitu kwa jina moja, "zawadi", hivyo ripoti ya siku inaonyesha jumla ya fedha na haielezi bangili ya nani imetoka. Ukiweza kulishawishi duka liandike namba ya lebo kwenye nakala ya risiti, umejipunguzia safari.

Kisha ikaja tarehe 31 Oktoba. Mzigo ulirudi tarehe 4 Novemba: bangili 14, mikufu 11, makobazi jozi 9. Kwa malipo ya miezi mitano, duka lilikuwa limelipia bangili 44, mikufu 27 na makobazi jozi 11, jumla shilingi 889,000. Makobazi yalitimia: tisa na kumi na moja ni ishirini. Bangili hazikutimia. Kumi na nne na arobaini na nne ni 58, na zilikwenda 60. Mikufu nayo ilipungua miwili.

Pengo la bangili mbili na mikufu miwili ni shilingi 42,000, na katika duka linaloingiliwa na wageni kutwa nzima si ajabu. Vitu hudokolewa, huanguka nyuma ya kabati, mwingine huvaa mkufu akauzoea akatoka nao. Swali ni nani anabeba. Pasipo karatasi, kila upande una hoja nzuri. Duka litasema mali ni yako, imepotea ikiwa yako. Wewe utasema ilipotea chini ya macho ya duka. Sentensi ya tatu ya karatasi ilikwisha kulijibu hilo mwezi Juni, wakati ambapo hakuna aliyekuwa amekasirika: kisichorudi kimenunuliwa. Duka likalipa.

Makobazi ndiyo yaliyoleta maneno. Jozi tatu zilikuwa zimewekwa dirishani miezi yote mitano. Jua la asubuhi lilikuwa limeichapa ngozi ikapauka upande mmoja, na ukiziweka jozi hizo kando ya nyingine unaona rangi mbili. Mwenye duka alisema, na nilimwelewa, kwamba dirishani ndipo yalipovuta wageni waliokuja kununua zile jozi kumi na moja. Kikundi kikasema hali iliyokwenda siyo iliyorudi. Wakakubaliana duka lizilipie zote tatu, shilingi 60,000, libaki nazo na kuziuza kwa bei linayotaka. Nadhani ulikuwa uamuzi wa haki, ingawa kwa msimu uliofuata mimi ningependa utaratibu mwingine: jozi moja ya kila aina iandikwe tangu mwanzo kuwa ya maonyesho, na hasara yake igawanywe nusu kwa nusu. Kitu cha dirishani kinafanya kazi kwa ajili ya wote wawili.

Ukijumlisha: 889,000, na 42,000, na 60,000, ni shilingi 991,000. Vilivyorudi vikiwa vizima, bangili 14, mikufu 11 na makobazi jozi sita, vina thamani ya shilingi 369,000. Viweke pamoja na fedha utapata 1,360,000, thamani ileile iliyoshuka mlimani Juni. Hesabu ya mzigo wa kurudisha lazima ifunge namna hii, kila kipande kikiwa kimekuwa fedha au kimerudi. Isipofunga, kuna kipande ambacho bado hakijaamuliwa ni cha nani.

Na sheria, ambayo wengi hudhani haihusiki na kiroba cha shanga, ina neno lake hapo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, ilirithiwa kutoka sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893, na ndani yake kuna kanuni ya mali iliyotolewa kwa sharti la kuuza au kurudisha. Kwa lugha nyepesi, mali inakuwa ya aliyeipokea anapoonyesha ameikubali, au anapofanya kitendo ambacho ni mwenye mali tu angeweza kukifanya. Inakuwa yake pia akikaa nayo kimya hadi muda uliowekwa ukapita. Kama muda haukuwekwa, unahesabiwa muda wa kadiri, na kadiri hiyo mkishindwana ataipima hakimu. Kwa hiyo tarehe ya mwisho inafanya kazi hata bila kupigiwa kelele. Aliyenyamaza na mali ya watu hadi tarehe ikampita, mbele ya sheria amenunua.

Inapendeza, lakini ina upande wa pili. Mwaka 1897 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya Kirkham dhidi ya Attenborough. Mtengeneza vito alimpa mtu vito kwa sharti la kuuza au kurudisha, na mtu yule akaviweka rehani kwa mkopeshaji. Mwenye vito akavidai kwa mkopeshaji, akashindwa. Mahakama ilisema yule mtu alipoviweka rehani alitenda kama mwenye mali, hivyo vikawa vimeuzwa kwake wakati ule ule, na mtengenezaji akabaki na deni la kudai kwa mtu asiye na kitu. Miaka tisa baadaye, mwaka 1906, kesi ya Weiner dhidi ya Gill ilifanana nayo karibu kila kitu, ila karatasi ya mwenye vito ilikuwa imesema vinabaki vyake hadi vilipiwe. Huyo alirudishiwa vito vyake. Kanuni ya sheria hufanya kazi pale tu ambapo wahusika hawakukubaliana vingine.

Ndiyo maana ya sentensi ya nne. Arusha hakuna haja ya kufikiria rehani za London. Fikiria duka lenye malimbikizo ya pango, na asubuhi moja mwenye nyumba amepiga kufuli, au dalali wa mahakama amekuja kuorodhesha vilivyomo ili vipigwe mnada. Kwa macho yake kila kilicho kabatini ni cha duka. Mwenye karatasi yenye namba za lebo anaweza kusimama mlangoni na kuonyesha kipande kwa kipande vilivyo vyake. Asiye nayo anaingia kwenye foleni ya wanaodai.

Kuhusu daftari la kikundi kuna jambo moja tu nililolirekebisha, lakini lilikuwa kubwa. Katibu alikuwa ameandika shilingi 1,360,000 kama mauzo ya Juni. Akina mama wakaona wameuza vizuri, wakaanza kuulizana habari ya mgawo, na kisanduku hakina kitu. Mzigo ukiwa dukani bado ni mali ya kikundi. Umehama tu chumba. Hata kiwango cha kimataifa cha uhasibu kinachohusu mapato, IFRS 15, kinasema hivyohivyo kwa makampuni makubwa: ikiwa mwenye duka halazimiki kulipa hadi auze, na mwenye mali anaweza kuidai irudi, basi kupeleka mzigo hakujawa mauzo. Tukafungua ukurasa wa peke yake, "Mali iliyoko dukani", na kila mwezi kilicholipiwa kikatolewa humo kikaingizwa kwenye mauzo. Novemba, mzigo uliporudi na hesabu kufungwa, ukurasa ule ukafika sifuri.

Limebaki suala la tarehe yenyewe. Maduka hupenda muda uishe Machi, ili msimu wa katikati ya mwaka na ule wa Desemba hadi Februari yote ipite mali ikiwa kwao. Kwa duka ni sawa. Kwa akina mama ni hasara ya kimyakimya, kwa sababu mali inayorudi mwisho wa Machi inakutana na masika. Aprili na Mei wageni ni haba, baadhi ya kambi za porini hufunga, na mlimani unyevu unaingia hadi kwenye masanduku. Ngozi inashika ukungu, uzi unalegea, na Juni ikifika utakuwa unapeleka mali iliyozeeka. Mali iliyorudi mwanzoni mwa Novemba, hata ikiwa ndogo, ina Desemba mbele yake.

Ile mikufu 11 ilikaa nyumbani kwa katibu siku tisa tu. Tisa kati yake ilikuwa ya buluu nzito, rangi ambayo duka la mjini lilishindwa kuiuza kwa miezi mitano. Ilipelekwa na karatasi mpya kwenye duka la hoteli moja upande wa Usa River, muda ukaandikwa hadi tarehe 31 Januari, na walipokwenda kuhesabu baada ya Mwaka Mpya walikuta imebaki miwili.